Kikohozi cha Kubweka Usiku wa Manane: Hatua za Nyumbani, na Wakati wa Kumkimbiza Mtoto

Simu hizi huanza kuingia baada ya saa tano usiku. "Musawo, mtoto anakohoa kama mbwa. Alilala vizuri, ana mafua tu." Mara nyingi mama hana haja ya kuendelea kueleza, kwa sababu mtoto mwenyewe namsikia nyuma yake: kikohozi kikavu, kizito, kinachobweka, na kati ya kikohozi na kikohozi kuna mlio wa kukwaruza anapovuta hewa. Mimi ni muuguzi huku Busia, Uganda, na maswali yanayofuata nimeyazoea. Je, ni pumu? Ni nimonia? Nina amoksilini ya mwezi uliopita, nimwanzishie? Nimfukize? Niende sasa hivi au nisubiri kuche?

Nimeandika mwongozo huu kwa ajili ya usiku huo. Usome mchana mtoto akiwa mzima, kwa sababu saa saba za usiku hutakuwa na utulivu wa kusoma.

Ugonjwa wenyewe huitwa krupu. Virusi vya mafua ya kawaida vinashuka hadi kooni na kuvimbisha bomba la hewa chini kidogo ya zoloto, pale sauti inapotokea. Kwa mtoto wa mwaka mmoja na nusu, bomba hilo lina upana wa milimita 5 au 6 hivi. Kuta zake zikivimba kwa milimita 1 tu, nafasi ya hewa inabaki chini ya nusu. Mimi na wewe tukivimba kiasi hicho tunakauka sauti basi, lakini mtoto anahangaika kupumua. Ndiyo maana krupu huwapata zaidi watoto wa miezi 6 hadi miaka 3, na ndiyo maana kaka yake wa miaka tisa mwenye mafua yaleyale analala fofofo.

Watoto wengi hupona nyumbani kwa siku mbili tatu. Wachache wanahitaji dawa usiku uleule. Kazi yako ni kujua mtoto wako yuko upande gani, na sehemu kubwa ya jibu utaipata kwa masikio yako.

Viweke tayari kabla ya usiku

Mtoto akianza mafua na sauti ikaanza kukauka, jioni hiyohiyo weka vitu hivi mahali pamoja:

- Parasetamoli ya maji ya watoto, pamoja na bomba la sindano lisilo na sindano la kupimia. Vijiko vya nyumbani havilingani, usipimie dawa kwa kijiko cha chai.
- Kipimajoto, kama unacho.
- Tochi, au simu yenye chaji.
- Kadi ya chanjo ya mtoto, na uzito wake wa karibuni uandikwe hapo. Dawa za krupu hupimwa kwa kilo.
- Namba ya mtu wa boda au wa gari unayemwamini, aliyekubali kuamshwa usiku, na nauli yake ikae pembeni.
- Jina la kituo utakachokwenda.

Hilo la mwisho ulichunguze mchana. Kituo cha afya cha daraja la pili kwa kawaida hufungwa jioni. Cha daraja la tatu kina wodi ya wazazi, kwa hiyo usiku huwa na mtu wa zamu. Cha daraja la nne kina daktari na chumba cha upasuaji. Nenda ukaulize maswali mawili: mna deksamethasoni, dawa ya krupu? Mna oksijeni? Ukijibiwa hapana yote mawili, mpango wako wa usiku uwe ni kituo kingine, hata kama kiko mbali kidogo.

Hatua

1. Mpakate, na nyumba itulie.

Mkalishe mtoto wima mapajani mwako, mgongo wake ukiegemea kifua chako, au akuelekee kama ndivyo anavyopenda. Ongea naye kwa sauti ya chini. Kama nyumba imejaa watu na kila mmoja anatoa amri, waombe watoke.

Hii ndiyo tiba ya kwanza. Mtoto anapolia huvuta hewa kwa nguvu na kasi, na hewa ya kasi ikipita penye wembamba huzivuta kuta laini za bomba zikutane. Kilio kinamzidishia wembamba, wembamba unamzidishia hofu, naye analia zaidi. Nimeona watoto waliofika wakikoroma kwa kutisha wakatulia nusu yake kwa kurudishwa tu mikononi mwa mama zao.

Usimlaze chali. Mwache akae anavyotaka yeye, kwa maana mtoto mwenye shida ya hewa huchagua mwenyewe mkao unaomfaa.

Na usimfungue mdomo kuchungulia koo. Kosa hili nililifanya mimi mwenyewe, na nilikuwa tayari muuguzi. Binti yangu alikuwa na miaka miwili, nikamgandamiza ulimi kwa mpini wa kijiko nione kama koo limevimba. Alilia akakaza mwili mzima, ule mlio ukawa mkali, midomo ikapauka, na ilinichukua muda mrefu kumtuliza. Tena nisingeona kitu, kwa kuwa uvimbe wa krupu uko chini, jicho halifiki.

2. Sikiliza akiwa ametulia.

Subiri anyamaze au asinzie, kisha weka sikio karibu na mdomo wake. Unatafuta mlio wakati anavuta hewa ndani. Mlio huo ni wa kukwaruza, kama mtu anayeburuta kiti kwenye sakafu, na hutokea kooni. Usiuchanganye na mkoromo wa pua iliyoziba. Ukimfuta kamasi, mkoromo wa pua hubadilika, lakini mlio wa koo unabaki vilevile.

Mlio unaotokea anapolia au anapokimbia tu, kisha ukatoweka akitulia, ni krupu nyepesi. Mlio unaosikika hata akiwa ametulia kabisa, au amelala, ni ishara ya hatari. Kituoni na sisi huanza na hapo.

3. Mfunue kifua umtazame.

Inua fulana, mulika kwa tochi kutoka pembeni, usimmulike machoni. Tazama mahali pawili: kishimo cha chini ya shingo, juu ya mfupa wa kifua, na sehemu ya chini ya mbavu. Anapovuta hewa, je, panabonyea ndani? Kubonyea kunamaanisha anatumia nguvu nyingi kupata hewa kidogo.

Kisha hesabu pumzi kwa dakika nzima ukitazama saa. Usihesabu nusu dakika ukazidisha mara mbili, kwa maana watoto hawapumui kwa mpangilio. Kwa mtoto wa mwaka 1 hadi 5, pumzi 40 au zaidi kwa dakika ni nyingi. Kwa wa miezi 2 hadi 11, ni 50 au zaidi. Pumzi za haraka akiwa ametulia hunifanya nifikirie nimonia pia, naye anahitaji kuonwa.

4. Amua.

Baki nyumbani kama anabweka lakini akitulia hana mlio, kifua hakibonyei, anakunywa, anakutambua na rangi yake ni ya kawaida. Endelea na hatua ya 5.

Ondoka usiku huohuo ukiona hata moja kati ya haya:

- mlio akiwa ametulia
- kifua kinabonyea
- hawezi kunyonya wala kunywa
- ana umri wa chini ya miezi 6
- hatulii hata mikononi mwako, anahangaika akitafuta hewa

Na haya ni ya kukimbia bila kutafuta hata viatu: midomo au ulimi kuwa wa buluu au kijivu, mate kumtiririka kwa kushindwa kumeza, kulegea na kusinzia kusiko kwa kawaida, au pumzi kusimama hata kwa sekunde chache. Kwa mtoto mweusi usitegemee ngozi ya uso kukuonyesha rangi. Tazama ulimi na ndani ya midomo.

Jambo moja linawadanganya wengi. Mtoto aliyekuwa akikoroma kwa nguvu akinyamaza ghafla, mlio ukafifia huku kifua bado kinabonyea na macho yanafumba, hajapata nafuu. Amechoka. Hewa inayopita sasa ni ndogo mno hata kutoa mlio. Nafuu ya kweli huja pamoja na kifua kutulia na mtoto kuchangamka.

5. Mtoe nje kwenye hewa ya usiku.

Mfunike shuka au kitenge mwilini, uso uwe wazi, ukae naye barazani kwa dakika 15 hadi 30. Hewa ya ubaridi husaidia kupunguza uvimbe. Zamani hili lilikuwa neno la akina mama tu, lakini utafiti uliofanyika Geneva, Uswisi, na kuchapishwa 2023, ulionyesha kuwa watoto wenye krupu waliopewa dawa na kukaa nje dakika 30 kwenye baridi ya chini ya nyuzi 10 walipata nafuu mapema kuliko waliobaki ndani. Usiku wa Busia au Kampala hauna baridi ya namna hiyo. Kabale unakaribia. Kwa hiyo jaribu, huleti madhara, na kule kukaa nje kimya kunamtuliza mtoto. Ila hewa haichukui nafasi ya dawa kwa mtoto mwenye dalili za hatua ya 4. Kama anatakiwa kwenda, hewa ataipata njiani.

Chumba nacho kisiwe na moshi. Sigiri itoke nje kabisa, hata kama imebaki makaa tu, na mwenye sigara aende mbali. Dawa ya mbu ya kuwasha nayo izimwe, mtoto alale ndani ya chandarua.

6. Mshushe homa, mpe vinywaji.

Krupu huja na homa ya wastani. Homa humharakisha mtoto pumzi na kumfanya alie, kwa hiyo kuishusha kunasaidia. Parasetamoli ni miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo, kila baada ya saa 6, isizidi mara 4 kwa siku. Soma chupa. Nyingi za hapa zina miligramu 120 katika mililita 5, na kwa mtoto wa kilo 10 hizo mililita 5 ndizo dozi moja. Chupa yenye nguvu tofauti ina kipimo tofauti. Usimpe asprini.

Vinywaji mpe kidogokidogo: maziwa ya mama, maji, chai ya uvuguvugu isiyo na majani mengi. Akikataa chakula siku mbili, mwache, mradi anakunywa na anakojoa. Usimnyweshe kwa nguvu akiwa anahema, atapaliwa.

Homa hapa kwetu haisamehewi kwa kuwa tumeshajua ni krupu. Mtoto anaweza kuwa na krupu na malaria kwa pamoja. Kukicha, mpeleke apimwe kidole.

7. Lala naye chumba kimoja.

Usingizi wake ni mzuri, usimwamshe kila mara. Wewe ndiye uamke. Mimi huwaambia wazazi waweke kengele ya simu kila baada ya saa 2, wasikilize pumzi na kutazama kifua kama hatua ya 2 na ya 3. Mtoto wa chini ya mwaka mmoja asiwekewe mito ya kumwinua, inaweza kumziba.

8. Ukiondoka, mbebe wima.

Kwenye boda mkalishe mbele yako akiwa wima, amekuelekea, uso haujafunikwa. Usimfunge mgongoni kwa kukaza kitenge kifuani, kwa sababu kifua hicho kinahitaji nafasi ya kutanuka, tena ukiwa umempa mgongo hutaona midomo yake ikibadilika rangi. Mwambie mwendeshaji aende taratibu penye mashimo. Kama barabarani kuna duka la dawa lililo wazi, lipite tu, usisimame.

Ukifika, usikae kwenye foleni ya kawaida. Mwambie wa kwanza utakayemwona: "Mtoto ana mlio anapovuta hewa, hata akitulia." Maneno hayo mhudumu yeyote aliyesomea watoto anayaelewa, nawe utapitishwa mbele.

9. Jua dawa anayotakiwa kupewa.

Dawa ya krupu ni deksamethasoni, dozi moja. Hupunguza uvimbe, huanza kufanya kazi ndani ya saa chache, na nguvu yake hubaki mwilini siku mbili hadi tatu, kwa hiyo inamvusha usiku wa hatari. Kipimo kinachotumika sana ni miligramu 0.6 kwa kilo, ingawa krupu nyepesi huweza kutibiwa kwa dozi ndogo zaidi, kuanzia 0.15 kwa kilo. Kidonge kinachopatikana kwa wingi ni cha miligramu 0.5. Basi usishtuke muuguzi akihesabu vidonge 12 kwa mtoto wako wa kilo 10, akavisaga na kuvichanganya na maji kidogo. Hajakosea hesabu: 0.6 mara 10 ni 6, na 6 ni vidonge 12.

Wazazi wengi hunililia nimchome sindano, wakiamini ya kunywa ni dhaifu. Kwa krupu, dawa ya kunywa inafanya kazi sawa na sindano, na haimlizi mtoto. Sindano ni kwa anayetapika au aliyezidiwa asiyeweza kumeza.

Aliyezidiwa huongezewa adrenalini ya kuvuta kwa mashine, kupitia kinyago. Hiyo hufungua koo ndani ya dakika chache, lakini nguvu yake huisha ndani ya saa 2, na mlio unaweza kurudi. Mtoto akipewa adrenalini, usikubali kuondoka mapema kwa kuwa "amepona". Kaeni palepale saa 3 au 4 mkimtazama.

Nakuomba usinunue deksamethasoni dukani ukampa mwenyewe. Dozi moja haina shida kubwa. Shida ni kwamba mtoto anayekoroma huenda hana krupu kabisa, na dawa hii ikakupa amani ya uongo mpaka asubuhi.

Makosa ninayoyaona kila msimu wa mvua

Kufukiza ndilo la kwanza. Mvuke wa moto hautibu krupu, hilo limeshapimwa, na nimewahi kumfunga bandeji mtoto aliyekuja na kikohozi akiwa ameungua mapaja yote mawili. Beseni la maji yanayochemka, blanketi juu, mtoto anayehangaika ndani yake: mtu mmoja hawezi kuvidhibiti vyote.

La pili ni amoksilini na septrini. Hizo huua bakteria, na krupu ni ya virusi. Dawa za kikohozi za chupa nazo hazifiki penye uvimbe, na zile za kusinzisha ni mbaya zaidi, kwani zinamlaza mtoto anayehitaji nguvu za kupumua na kukufichia dalili.

La tatu nalisema kwa uchungu. Kuna wanaoambiwa kikohozi kinatokana na kimeo kirefu, wakampeleka mtoto kukatwa. Kimeo hakihusiki na krupu hata kidogo. Anayekatwa anaweza kuvuja damu kwenye koo ambalo tayari limevimba, akapata maambukizi, hata pepopunda. Na anayemnywesha mtoto mafuta ya taa kijiko kimoja anaweza kuyapeleka mapafuni.

Usiku mbili za mtoto mmoja

Mvulana wa miezi 18, kilo 10, chanjo zote. Mafua yalianza Jumatatu, Jumatano jioni sauti ikakauka. Saa 7:20 usiku akaamka akibweka. Mama yake alinipigia akiwa analia kuliko mtoto. Jajja alikuwa ameshapuliza sigiri, sufuria ya maji imewekwa, blanketi limekunjwa tayari. Nilimsikia mama akisema kwa upole, "Jajja, tungoje kidogo, musawo anasema tumtoe nje kwanza." Mzee hakukasirika. Alichukua lile blanketi akawafuata nalo barazani, akamfunika mjukuu miguu.

Walikaa nje. Mtoto alipokuwa akilia, mlio ulisikika hata kwenye simu. Baada ya dakika 20 aliegemea bega la mama, akatulia. Nikamwambia mama asogeze simu karibu na mdomo wake: pumzi ilikuwa kimya. Akainua fulana, akatazama chini ya mbavu, akasema hapabonyei. Pumzi 34 kwa dakika. Homa 38.4. Alimpa mililita 5 za parasetamoli, mtoto akanyonya, wakalala. Hiyo ilikuwa krupu nyepesi, na nyumbani palitosha.

Alhamisi asubuhi alipimwa malaria, hakuwa nayo. Mchana alicheza na kukimbiza kuku, sauti tu ndiyo imekauka. Mtu angedhani yameisha, lakini usiku wa pili wa krupu mara nyingi huwa mkali kuliko wa kwanza, na mchana wa kucheza hauahidi chochote. Mama aliweka simu kwenye chaji na kumkumbusha kijana wa boda.

Saa 8 usiku kengele ilimwamsha. Mtoto alikuwa amelala, na mlio ulikuwepo. Alimulika: kishimo cha shingo kinazama, chini ya mbavu panabonyea. Hakupiga simu kuniuliza. Alinipigia akiwa tayari kwenye boda kunijulisha, na alifanya sawasawa. Kituoni walimpima oksijeni ya damu, ikawa asilimia 96, hakuhitaji kuongezewa. Alipewa deksamethasoni miligramu 6 ya kunywa, akakaa mapajani mwa mama. Saa 10:30 mlio wa utulivu ulikuwa umekwisha na kifua kimetulia. Waliwabakiza mpaka kulipokucha. Usiku wa tatu alikohoa mara chache bila mlio. Dozi ya pili haikuhitajika.

Mambo yakienda tofauti

*Mlio ulianza ghafla, hakuwa na mafua.* Fikiria kitu kilichomkwama: karanga, punje ya mahindi, haragwe, shanga. Muulize aliyekuwa naye alikuwa anakula au kuchezea nini. Kama anaweza kukohoa na kulia, mwache akohoe, usimtie kidole mdomoni, mpeleke hospitali hata kama baadaye anaonekana mzima. Kama hawezi kukohoa wala kutoa sauti, mwinamishe kichwa chini, mpige mara 5 katikati ya mabega kwa kiganja, ukiita watu wakusaidie.

*Mluzi unasikika anapotoa hewa nje.* Huo hutoka kifuani, kwenye mapafu, na tiba yake ni nyingine. Aonwe siku hiyohiyo, na kama kifua kinabonyea, sasa hivi.

*Homa ni kali, mtoto amekaa ameinamia mbele, mate yanatoka, wala habweki.* Hii inaweza kuwa maambukizi ya bakteria kwenye kidaka tonge au shingo. Usimlaze, usimlazimishe chochote, nenda hospitali. Ni nadra zaidi kwa mtoto aliyemaliza chanjo za wiki ya 6, 10 na 14, kwa maana ndani yake mna kinga ya mmoja wa bakteria hao na ya dondakoo. Ambaye hakuchanjwa, mwambie mhudumu mapema kabisa.

*Kuna vipele na macho mekundu.* Surua nayo huleta krupu, na huwa kali. Nenda naye kituoni, ukimtenga na watoto wengine kwenye foleni.

*Anakohoa mfululizo mpaka anatapika, na imepita wiki ya pili.* Hiyo haiendani na krupu. Inaweza kuwa kifaduro. Apimwe.

*Imerudi mwezi uliofuata.* Baadhi ya watoto hurudiwa na krupu kila wakipata mafua, mpaka bomba la hewa linapokua. Ila ikirudi mara nyingi kwa mwaka mmoja, au kabla ya miezi 6, au mlio ukibaki hata mafua yakiisha, omba rufaa kwa daktari wa koo. Vivyo hivyo sauti ikikaa imekauka zaidi ya wiki 3 baada ya kikohozi kuisha.